Nitoe hotuba ya harusi, wakati aliyemlea binti yangu ni mjomba wake?

*Bi Mshauri, asalaam aleikum. Naishi Tandahimba. Binti yangu anaolewa mwezi ujao na kijana wa Kipare kutoka Same. Mama yake tuliachana binti akiwa mdogo, akalelewa Newala kwa mjomba wake. Huyo ndiye aliyemsomesha, na ndiye aliyepokea posa. Sasa binti ameniomba mimi nitoe hotuba ya kuwakaribisha wakwe na kuwapa baraka. Shemeji yangu hajasema kitu, ila naona amenuna. Nifanye nini, na nikisimama niseme nini?*
*Baba wa bibi harusi*

Waaleikum salaam, kaka yangu. Simama, maana binti mwenyewe amekuita. Lakini kabla hujaandika hata mstari mmoja, nenda Newala. Usipige simu. Fuatana na mzee mmoja wa upande wako, mkae na shemeji yako, umwambie kwa kinywa chako kwamba binti amekuomba useme, na kwamba hutasema bila ridhaa yake. Unajua mwenyewe kuwa kwa Wamakonde mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno katika shughuli ya mpwa wake. Akija kusikia habari ya hotuba yako kwa MC siku yenyewe, hata useme maneno matamu namna gani, ataona umempora shughuli yake.

Mwombe mgawane. Yeye atangulie kutambulisha ukoo, kisha akukaribishe wewe. Ukipokea maiki kutoka mkononi mwake, hakuna atakayeuliza ulikuwa wapi miaka yote. Nikahi ni jambo jingine: kidini walii ni wewe baba, na mjomba hawezi kuoza mpaka umpe uwakala. Ukitaka kumpa na heshima hiyo, mwone shehe wenu mapema.

Sasa hotuba. Wapare hufuata ukoo wa baba, kwa hiyo wageni wako watakutazama wewe tu na hawataelewa kwa nini mjomba amekaa mbele. Waeleze. Mimi ningeanza hivi:

“Wakwe zetu, mmetoka Same, mmevuka Rufiji, mmefika kwetu salama. Karibuni sana. Kabla sijasema langu, namshukuru shemeji yangu huyu. Ndiye aliyemlea binti yetu, akamsomesha, akaipokea posa yenu. Kwa desturi yetu mjomba ni mkubwa katika jambo hili. Mkiwa na neno lolote juu ya binti, bisheni hodi kwake kwanza, na mimi mtanikuta hapo hapo.”

Ukishasema hayo, mtaje mama wa binti kwa heshima, sentensi moja inatosha. Talaka usiiguse, na wala usimwombe binti msamaha kwenye maiki. Najua moyo utakusukuma. Lakini ukimwomba mbele ya ukumbi mzima, hana namna ila kukukubalia, na bibi harusi atakaa analia siku yake. Hayo mwambie kabla ya harusi, mkiwa wawili, na umpe nafasi ya kujibu au kunyamaza.

Kuna maneno akina baba wengi huyasema wakimgeukia bwana harusi: “Ukimchoka usimpige, nirudishie mwanangu.” Nia yake ni njema, kumkinga binti na kipigo. Kinywani mwako wewe yatawauma watu wa Newala, kwa sababu binti hakutoka mikononi mwako, na nyumba anayoiita kwao si yako. Tena yanamfanya mtu mzima kama mzigo wa kurudishwa dukani. Sema waziwazi: “Mwanangu, katika nyumba yenu kusiwe na kipigo. Mkishindwana, njooni wote wawili tukae, mjomba na mimi.” Kisha mgeukie binti, umtaje kwa jina lile mliloliita nyumbani alipokuwa mdogo. Hapo ndipo sauti yako inaweza kukatika. Ikikatika, tulia, kunywa maji, endelea. Kiasi cha mahari usikitaje kabisa, na orodha ya viongozi waliohudhuria mwachie MC.

Malizia kwa dua ambayo Mtume alikuwa akimwombea aliyeoa: “Baarakallahu laka, wa baaraka alaika, wa jama'a bainakuma fii khair.” Iseme taratibu, kisha kwa Kiswahili, ili na wakwe wasiojua Kiarabu waitikie amina: Mungu akubariki, akuteremshie baraka, awaunganishe nyinyi wawili katika kheri.

Yote yaandike kwenye ukurasa mmoja wa daftari kwa herufi kubwa, maana taa za ukumbini husumbua macho. Yasome kwa sauti nyumbani. Yakizidi dakika tano, punguza, ila shukrani kwa shemeji usiipunguze. Na ukienda Newala nenda na ukurasa huo wa daftari ukiwa bado mtupu, ili naye aseme anachotaka kitajwe.