Umeweka kripto kwa Earn? Maswali yenu ya wiki hii

Sasa hio asilimia 8 kwa mwaka apu ya kripto inaniahidi kwa Earn inatoka wapi na mimi nimekaa tu?

Inatoka kwa mtu mwenye amekopeshwa koini zako. Ukibonyeza Earn, apu inazichanganya na za wengine, inakopesha kampuni za kutredi ama inaziweka kwa steking, yaani zinafungiwa kwa mtandao wa koini kusaidia kuuendesha na zinalipwa, wewe unapewa kakitu na wao wanabaki na tofauti. Hata sacco hukopesha, ila sacco itakusumbua na magerenta na payslipu. Genesis, wale walikuwa wanakopesha pesa za Earn ya apu ya Gemini, walikuwa wamepea kampuni ya kutredi ya Three Arrows Capital zaidi ya dola bilioni 2, na hao jamaa wakaanguka Juni 2022. Mteja wa Earn pengine hata jina la Three Arrows hajawahi kusikia.

Kama koini zipo, mbona wafunge kutoa?

Zipo lakini zimefungiwa mahali. Chukulia mweka hazina wa chama ameona pesa imelala tu, akanunua ploti Joska. Ploti ipo, taito ipo, sasa Desemba nyote mnataka zenu siku moja, atauzia nani na kwa bei gani? Celsius, apu ingine ya Earn, walikuwa na ETH nyingi, koini ya mtandao wa Ethereum, kwa steking, wameshika stETH kama risiti, na Ethereum ilikuja kuruhusu watu kutoa koini za steking Aprili 2023. Kabla ya hapo ukitaka ETH ni uuze risiti sokoni, na Juni 2022 ilikuwa inaenda chini ya bei ya ETH yenyewe, na huku wateja wameambiwa watoe saa yoyote. Tarehe 12 Juni wakafunga. Mwezi moja baadaye wako kortini kufile kufilisika na shimo la dola bilioni 1.2, so si ploti pekee ilikuwa shida, pesa ingine ilishaenda.

Balansi yangu bado inasoma kwa apu, si hio ni mali yangu?

Hapana, na hii ndio huniuma zaidi. Tarehe 4 Januari 2023 Jaji Martin Glenn wa New York alisoma yale masharti kila mtu alikubali bila kusoma, akasema koini za akaunti za Earn za Celsius ni za kampuni. Wewe umebaki mdai asiye na dhamana. Halafu dai linahesabiwa kwa bei ya siku kampuni ilifile, kwa hivyo bitikoini 1 ikawa karibu dola 20,000. Malipo yalianza mapema 2024, bitikoini ishapita 40,000, na awamu ya kwanza ilikuwa kama asilimia 58 ya dai, yaani dola 11,600 hivi. Kwa bei ya hio siku ni robo na kidogo ya koini yako. Na usitafute KDIC, hao hulinda pesa ya benki, hadi shilingi 500,000.

Nimeamka nikapata "Withdrawals paused". Nifanye nini?

Piga skrinishoti ya balansi, pakua historia yote ya miamala ukiwa bado unaweza kulogin, na uhifadhi masharti ya siku ulijiunga. Wakienda kortini kutakuwa na tarehe ya mwisho ya kuweka dai, iangalie kwa imeili hata kwa spam. Na yule atakutext WhatsApp eti tuma ada kidogo akufungulie akaunti, mblok.