Usiigandishe θ̇, mkuu

"Nina r̈ − rθ̇² = −GM/r². Nimechukulia θ̇ = ω haibadiliki, kwa hiyo r̈ = ω² d²r/dθ². Sasa u = 1/r naiingiza vipi?"

Simama hapohapo, mkuu! Futa huo mstari wa ω kabla wino haujakauka. Mimi niliuandika kwenye mtihani, nikajaza kurasa tatu za (du/dθ)² zisizoisha, nikatoka na alama mbili, nadhani moja ilikuwa ya mwandiko mzuri. Aliyenipoteza ni jamaa aliyekuwa akitufundisha jioni kwa pesa yetu: "Chukulieni tu ω haibadiliki, inarahisisha." Ilimrahisishia yeye kuwahi daladala.

Ona kwa namba. Setilaiti iko kilomita 7,000 kutoka kitovu cha Dunia, hapo ndipo inapokaribia kuliko popote, na inakwenda 9 km/s. Kwa hiyo h = r²θ̇ = 7,000 × 9 = 63,000 km²/s. Hiyo h ndiyo haibadiliki, kwa sababu mvuto unaelekea kitovuni tu, hausukumi setilaiti kando. GM ya Dunia ni 398,600 km³/s², basi h²/GM ni kama km 9,957. Ukigawa kwa 7,000 na kutoa 1, e, kipimo cha jinsi njia yake ilivyo mbali na duara, inatoka 0.42. Upande wa mbali, r inafika karibu km 17,240 na mwendo unashuka hadi 3.65 km/s. Sasa linganisha θ̇: karibu ni radiani 0.00129 kwa sekunde, mbali ni 0.00021. Imepungua mara sita! Halafu wewe unaiita haibadiliki. θ̇ inatulia kwenye duara kamili tu, na kwenye duara hukuwa na haja ya kusumbuka na u.

Kwa hiyo kila unapokutana na θ̇, weka hu², kisha ndiyo udiferenshieti:

```
ṙ = −(1/u²)(du/dθ)(hu²) = −h du/dθ
r̈ = −h (d²u/dθ²)(hu²) = −h²u² d²u/dθ²
```

Umeona 1/u² ilivyomezwa na u² ya θ̇? Kazi yote ya u ni hiyo, na ukiigandisha θ̇ umeiua. Rudisha kwenye mlinganyo wako:

```
−h²u² d²u/dθ² − h²u³ = −GMu²
d²u/dθ² + u = GM/h²
u = (GM/h²)(1 + e cos θ)
```

Kulia imebaki namba tupu kwa sababu mvuto ni u² kamili. Ungekuwa u³, u moja ingebaki pale. Ukimaliza, kagua upande wa kushoto. Ukiona (du/dθ)² popote, usihangaike kuitatua kama nilivyofanya mimi kurasa tatu, rudi kwenye mstari wa ṙ, ω yako imejificha humo.