Shangazi, wifi yangu anataka tuache unga wa lishe

*Shikamoo Shangazi. Niko Moshi, Pasua. Mimi na wifi yangu tuna kijiwe cha kusindika vyakula: unga wa lishe, siagi ya karanga na krispi za ndizi. Unga ndio nilioanza nao mimi, krispi alikuja nazo yeye. Mwezi uliopita wifi amepiga hesabu. Baada ya malighafi na vifungashio siagi inabakiza sh 350,000, krispi 270,000, unga 150,000. Gharama za pamoja ni 600,000, akazigawa kwa tatu, 200,000 kila bidhaa. Unga ukatoka na hasara ya 50,000. Sasa anasema tuuache, na mama mkwe anamuunga mkono. Kinachonichanganya, hesabu inasema jumla tuna faida ya 170,000 kwa mwezi, lakini hela hiyo mkononi hatuioni. Nimekutumia picha za madaftari yetu ya miezi mitatu. Niuache unga? Na nikikataa nitamwambiaje wifi bila kuonekana nina wivu na krispi zake?*

*Mama Lishe wa Pasua*

Marahaba mwanangu. Usiuache unga. Kama kuna cha kuachwa hapo ni krispi, ila si kesho asubuhi, na nimekaa na madaftari yako muda mrefu ili nikuambie kwa nini.

Twende na wazo la wifi mpaka mwisho tuone linafika wapi. Unga umeondoka. Je, mwenye nyumba amepunguza kodi? Hapana. Wale mabinti wawili bado wanalipwa, mlinzi vile vile. Zile 600,000 ziko palepale, lakini 150,000 zilizokuwa zinaletwa na unga hazipo tena. Siagi na krispi kwa pamoja zinaleta 620,000, kwa hiyo faida yenu imeshuka kutoka 170,000 hadi 20,000. Mmefukuza "hasara" ya 50,000 mkapoteza 150,000.

Na haiishii hapo. Mwezi unaofuata wifi atagawa 600,000 kwa bidhaa mbili, kila moja ibebe 300,000. Krispi zitatoka na hasara ya 30,000. Kwa kanuni ileile aliyoitumia kwa unga, nazo itabidi ziachwe. Mtabaki na siagi peke yake inayoleta 350,000 huku inadaiwa 600,000. Nimeona biashara zimekufa hivi, na kila hatua ya kuelekea kaburini ilikuwa na karatasi ya hesabu iliyojumlishwa sawasawa.

Kosa la karatasi ya wifi ni kule kugawa. Kodi haikuja kwa sababu ya unga, na haitaondoka na unga. Kwa hiyo kabla ya kuamua nini kiondoke, kila gharama iulizwe swali moja: bidhaa hii ikifa leo, gharama hii inakufa nayo? Ikifa nayo, iandikwe chini ya bidhaa hiyo. Isipokufa, iache pembeni, ni ya nyumba nzima, na usimgawie mtu.

Nilipoyauliza madaftari yako swali hilo, ndipo nikaiona hela mnayoitafuta.

Ndani ya zile 600,000 za pamoja kuna 80,000 za bodaboda. Nimefuata safari zake: Himo, Boma Ng'ombe, Majengo, stendi. Zote zinapeleka krispi. Siagi na unga wateja wanafuata wenyewe hapo Pasua. Basi bodaboda si gharama ya pamoja hata kidogo, ni ya krispi, na krispi zikifa nayo inakufa. Unga ulikuwa unalipia usafiri wa krispi, na bado unaambiwa una hasara.

La pili limejificha zaidi. Krispi mnaziacha madukani kwa mali kauli, na wifi anaandika mauzo siku pakiti zinapotoka kwenu, si siku hela inaporudi. Kila mwezi zinatoka pakiti 1,800 za sh 500, na kwenye karatasi yake zote zimeuzwa. Lakini daftari lile dogo lenye jalada jekundu, nadhani ni la binti anayepokea mzigo, linaonyesha pakiti kama 200 kwa mwezi zinarudi zikiwa zimelainika. Hiyo ni 100,000 iliyoandikwa kama mauzo na haijawahi kuingia mfukoni mwa mtu. Ndizi, mafuta na pakiti zake mmeshalipia.

Toa 100,000 ya zilizorudi, toa 80,000 ya bodaboda. Krispi zinabakiza 90,000, si 270,000. Gharama za pamoja za kweli ni 520,000. Siagi 350,000, unga 150,000 na krispi 90,000 ni 590,000, ukitoa 520,000 unabaki na 70,000. Hiyo ndiyo faida yenu. Hakuna aliyeiba, na kama uliwahi kumfikiria wifi vibaya, futa.

Sasa usikimbilie kusema krispi zife kwa kuwa ndizo za mwisho kwenye orodha. 90,000 bado ni hela. Ukizifuta leo bila kuweka kitu mahali pake, siagi na unga vinaleta 500,000 dhidi ya 520,000, na hapo ndipo mtaingia hasara kwelikweli. Bidhaa inayobakiza chochote baada ya gharama zake yenyewe inaachwa kwa sababu moja tu: imekalia nafasi ambayo kitu kingine kingeitumia vizuri zaidi.

Na krispi zimekalia nafasi. Mna jiko moja na mabinti wawili, siku 26 za kazi kwa mwezi. Kwa madaftari yako, siagi inachukua kama siku 5, unga siku 4 kwa kuwa kusaga mnapeleka mashineni, na siku 17 zilizobaki zote ni kumenya ndizi, kukata, kukaanga na kufunga. Gawa hela kwa siku. Siku ya siagi inawaletea 70,000. Siku ya unga 37,500. Siku ya krispi haifiki 5,500, wakati mabinti wale wawili kuwalipa tu ni zaidi ya 12,000 kwa siku. Huo unga unaotaka kufukuzwa, kwa kila siku ya jiko, unaingiza mara saba ya krispi.

Kuna kurasa mbili ambako umeandika majina ya maduka yaliyoulizia siagi, pembeni ukaweka "hatuna". Hapo ndipo uamuzi ulipo. Kopo moja la siagi linabakiza sh 1,400. Ili kufidia 90,000 za krispi mnahitaji makopo 65 zaidi kwa mwezi, na kwa kasi yenu ya makopo 50 kwa siku hiyo ni kazi ya siku moja na ushee. Mkiongeza makopo 150, yaani siku tatu, faida inafika 190,000 hata krispi zisipokuwepo. Lakini kuulizia si kununua. Nenda kwa maduka hayo na kopo mkononi, uliza kila mmoja atachukua mangapi kwa mwezi na atalipa lini. Wakisema "tuachie tu, tukiuza tutakuita", hao usiwahesabu, hiyo ni mali kauli nyingine. Wakifika makopo 65 ya kulipia papo hapo, una jibu. Wasipofika, krispi ziendelee kwanza.

Zikianza kupungua, zipungue kwa njia, si zote kwa mpigo. Daftari jekundu linaonyesha pakiti nyingi zinazorudi zinatoka Boma Ng'ombe na Himo, na huko ndiko nauli kubwa inakoenda. Anzeni kukata huko. Stendi wanamaliza mzigo wao na wanalipa, wabaki wa mwisho. Kila duka mnaloondoka, kusanyeni deni kwanza. Hela hiyo iliyolala kwenye rafu za watu ndiyo itakayonunua karanga za siagi. Ukinunua gunia zaidi ya mlivyozoea, hakikisha zimekauka, zinakaa juu ya mbao na si sakafuni, na zilizoota ukungu zitolewe kabla ya jiko. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kukaanga, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kuhusu mashine ya kukatia ndizi, najua wifi ataisema, kwa sababu ilinunuliwa kwa hela ya kikoba. Hela ile imeshatoka, na kuendelea kukaanga hakuirudishi. Inayohesabika ni bei ambayo mtu ataitoa leo, na sikushauri muiuze kabla ya Desemba. Madaftari yako ni ya Julai hadi Septemba, miezi mikavu ya krispi. Desemba watu wanapanda nyumbani kutoka Dar, Moshi inajaa, na krispi za zawadi zinaweza kuuzwa kwa oda na malipo ya mbele. Wiki tatu za namna hiyo si sawa na siku 17 kila mwezi.

Unga wenyewe hauna kesi ya kuachwa, una kesi ya bei. Unabakiza sh 500 kwa kilo moja unayouza 4,000. Ukiuza 4,300, utabakiza 800, na hata ukipoteza wateja wa kilo 100 kati ya 300 bado utakuwa na 160,000, zaidi ya sasa. Ila kabla ya kupandisha, kwa wiki mbili weka alama kila mteja anapoondoka: unga tu, siagi tu, au vyote viwili. Nahisi akina mama wanaofuata unga wa mtoto ndio wanaoondoka na kopo la siagi. Kama ndivyo, mteja wa unga akihama anahama na 1,400 nyingine, na bei isipande sana.

Wifi sasa. Usimpelekee karatasi iliyokwisha kujumlishwa, na usiifungue mbele ya mama mkwe. Ukifanya hivyo ataiona kama kesi, na wewe umekuja na shahidi. Mwite siku ya kufunga hesabu, mkiwa wawili. Mpe daftari jekundu na la bodaboda, mwambie: "Wifi, ile laki na sabini sijaiona, nisaidie tuitafute." Muulize nauli hizi ni za mzigo gani. Muulize pakiti zilizorudi zimeandikwa wapi. Kalamu aishike yeye. Mtu aliyeweza kukaa akagawa 600,000 kwa tatu ana kichwa cha hesabu, alikosa daftari moja tu.

Halafu usimwachie mikono mitupu. Mtu anayejua wenye maduka wa kuanzia Himo hadi Boma Ng'ombe, anayejua nani analipa na nani anazungusha, ndiye wa kuyabeba yale makopo 65. Mpe mauzo ya siagi yawe yake, na mgawane faida kama mlivyokuwa mnagawana. Mama mkwe aambiwe na binti yake mwenyewe. Wewe siku hiyo uwe na kazi jikoni.