Kutoka picha ya familia hadi ukurasa wa kupaka rangi: mistari uichague wewe

Nilipoanza kutengeneza kurasa za watoto kupaka rangi, nilidhani kompyuta ndiyo itakayofanya kazi yote. Nilichukua picha ya bibi akiwa ameketi kitini amempakata mjukuu, nikaifungua kwenye programu ya picha ya GIMP, nikatumia kichujio cha kutafuta kingo, nikachapa. Kaka yake yule mtoto, wa miaka minne, ambaye naye yumo pichani amesimama kando ya kiti, aliitazama karatasi kwa muda kisha akauliza, "Mbona bibi ana ndevu?"

Alikuwa ameona sawasawa. Kivuli cha pua kilikuwa kimeangukia juu ya mdomo, mikunjo ya mashavu imegeuka mistari mizito, na kidevu kimejaa vinukta. Bibi anayemjua hakuwemo.

Wewe unayeanza, elewa kwanza kwa nini ilitokea hivyo, maana usipoelewa utashinda siku nzima ukibadilisha vichujio. Kichujio hakijui pua wala kidevu. Kinalinganisha pikseli moja na jirani zake, na pale mwanga unapobadilika ghafla kinaweka mstari. Kivuli chenye ukingo mkali ukutani hupata mstari mzito, huku shavu la mtoto, ambalo mwanga wake hubadilika polepole, likikosa kabisa. Nywele nyeusi zikiwa mbele ya ukuta wenye giza, tofauti haipo, kwa hiyo kichwa hubaki bila ukingo. Njia nyingine inayowavutia wanaoanza, ile ya Threshold inayogawa picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu, ina tatizo lake: uso wa mtu mweusi aliyepigwa picha kivulini huwa doa moja jeusi, na mtoto habakiwi na pa kupaka. Kamera imerekodi mwanga. Mtoto anahitaji mipaka ya vitu. Kujua kitu kinaishia wapi ni kazi ya jicho lako.

Kwa hiyo fuatisha kwa mkono, juu ya picha. Mimi hutumia Krita, ambayo ni ya bure, lakini programu yoyote ya kuchora yenye matabaka, yaani Layers, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, itafaa. Fungua karatasi ya ukubwa wa A4 kwa dpi 300, nukta 300 kwa kila inchi, yaani pikseli 2480 kwa 3508. Weka picha kwenye tabaka la chini, uikate mpaka watu wajaze karatasi. Nyuso zikiwa ndogo kuliko kiganja cha mtoto, hata ufuatishe vizuri namna gani, hazitapakika. Kabla ya kuchora lolote, fungua Levels na uvute kishikio cha katikati kuelekea kushoto. Sehemu zenye giza zitang'aa. Picha itaonekana imepauka na mbaya, lakini hiyo haichapwi. Unachotaka ni kuona ukingo wa nywele na mstari wa taya uliokuwa umezama kivulini. Kisha punguza uzito wa tabaka hilo, yaani Opacity, hadi asilimia 30 au 40, na uongeze tabaka jipya tupu juu yake. Hapo ndipo utakapochora. Mkono ukitetemeka, washa Stabilizer, inayotuliza mstari, kwenye Tool Options za zana ya brashi.

Kwa dpi 300, milimita moja ni karibu pikseli 12. Mistari ya nje ya miili na nguo naichora kwa brashi ya pikseli 24, yaani milimita mbili. Kwa mtoto wa miaka mitatu mstari mnene ni kama ukuta: krayoni ikiteleza kidogo, huangukia juu ya mstari na kosa halionekani. Ndani ya uso nashuka hadi pikseli 12.

Anza na aliye mbele. Katika picha yangu ni mjukuu aliyepakatwa, kisha bibi, kisha kaka yake, na mwisho kiti. Kila mmoja mpe tabaka lake. Mstari wa bibi ukifika kwenye bega la mtoto, ukome hapo. Ukipenya, mtoto ataonekana kama kioo. Na faida ya matabaka tofauti niliiona siku hiyohiyo. Pichani, utosi wa mtoto uligusa kidevu cha bibi sawasawa, na kwenye mistari mitupu vichwa viwili vikaonekana vimeungana kama chupa na kizibo chake. Kwa kuwa mtoto alikuwa kwenye tabaka lake, nilimshusha kama nusu sentimita, nikaongeza kipande cha shingo ya bibi, vichwa vikaachana. Tafuta sehemu za namna hii kila mara: mistari miwili inapogusana kwa nukta tu, ama ipishanishe waziwazi ama itenganishe.

Sasa uso. Hapa usikimbie, maana hapa ndipo mtoto anapomtambua mtu au anapomkosa.

Kila mstari unaouongeza usoni huongeza umri. Ile mikunjo inayotoka puani kwenda kwenye pembe za mdomo, mtu akicheka huonekana sana pichani, na mkono wako utatamani kuifuata. Kwa mtoto iache kabisa. Kwa bibi nilibakisha mkunjo mmoja mfupi kila upande, tena nje ya mashavu, pembeni mwa macho, kwa sababu ndivyo anavyocheka. Pua isizungushiwe mstari wote. Mkunjo mdogo wa chini na alama mbili za matundu zinatosha, ubavu wa pua uache mtupu. Meno usiyatenganishe moja moja. Ukichora mstari kati ya kila jino, mdomo huwa kama sega. Chora nafasi nzima ya meno kama umbo moja jeupe. Yule mjukuu aliyepakatwa ana pengo mbele, na pengo hilo nililichora, kwa sababu lilikuwa ndilo lake na kila mtu nyumbani alilijua.

Kwenye macho, ukope wa juu uwe mnene kuliko wa chini. Mboni ijaze nyeusi, ukiacha nukta nyeupe ndogo upande ule ule kwa macho yote mawili. Ukiisahau nukta hiyo, jicho hulala. Bibi huvaa miwani, na miwani ndiyo iliyomwokoa: nilichora fremu kwa mstari mnene kidogo, nikafuta kabisa mng'ao wa kioo na kivuli chake kwenye shavu. Mtoto mdogo humtambua mtu kwa vitu vichache kama hivi, miwani, kilemba, hereni, namna anavyoinamisha kichwa. Kabla hujachora, itazame picha na ujiulize ni vitu gani vitatu ambavyo ukiviondoa huyu hatakuwa yeye. Hivyo vitatu visipotee, hata kama vingine vyote vitarahisishwa.

Nywele chora kama umbo moja lenye ukingo, ndani yake mistari mitatu au minne ya kuonyesha zinakoelekea. Zikiwa zimesukwa, mistari ya njia inatosha. Usizijaze nyeusi hata kama ni nyeusi kweli. Rangi hiyo mwachie mwenye krayoni.

Mikono iliyomshika mtu au kitu inawasumbua wengi. Kiganja cha kaka kilikuwa juu ya bega la bibi, vidole viwili vinaonekana, vitatu vimefichika kwenye kitambaa. Nilikichora chote kama umbo moja mfano wa glavu, nikaweka mstari mmoja mfupi kutenganisha vile vidole viwili. Kidole kilichofuatishwa kimoja kimoja, kwa ukubwa ule, kingekuwa na upana wa milimita nne. Kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano najitahidi kila sehemu ya kupaka isipungue sentimita moja na nusu kwa upana, isipokuwa vitu vya uso. Ndogo kuliko hiyo, krayoni inaifunika pamoja na jirani zake.

Kanuni hiyohiyo iliamua gauni. Lilikuwa na maua madogo, kwa makadirio zaidi ya sitini. Nilichora saba makubwa, moja likikatwa na mkono wa mtoto ili ionekane kwamba kitambaa kinaendelea nyuma yake. Mandhari, yaani kichaka, ukuta na waya uliopita angani, nilifuta yote. Nilibakisha kiti na mstari mmoja wa ardhi, la sivyo watu wangeelea.

Ukimaliza, zima tabaka la picha. Mshtuko mdogo huja hapa, kwa sababu jicho lilikuwa likisaidiwa na picha iliyo chini. Utakuta nyusi umezisahau, au sikio moja linaning'inia bila kichwa. Iwashe na kuizima mara kadhaa ukirekebisha.

Halafu tafuta nafasi zilizo wazi. Tengeneza nakala ya faili, unganisha matabaka ya mistari, chukua ndoo ya rangi na umwagie kila sehemu rangi yake. Rangi ikikaa ndani ya mkono wa gauni, umefungika. Ikifurika hadi kwenye karatasi yote, kuna mwanya mahali fulani. Kuza picha ufuate ukingo, mara nyingi utaukuta kwapani, nyuma ya shingo au pale nguo inapokutana na kiti. Mwanya wa pikseli mbili mtoto hatauona, lakini mwanya wa milimita tano kwenye shingo utamfanya apake uso na gauni kwa rangi moja, kwa sababu kwake ni kitu kimoja. Ile nakala ya rangi ina kazi ya pili: ukiitazama kwa mbali unaona mara moja ni sehemu gani zimekuwa vipande vidogo mno.

Hifadhi kwa PNG. JPEG huacha vumbi la kijivu kando ya mistari, na printa hulichapa vumbi hilo. Chapa nakala moja kwanza, kwa ukubwa kamili, uhakikishe mpangilio wa printa haupunguzi ukurasa. Kama printa ni ya wino wa maji, acha karatasi ikauke vizuri, kisha jaribu kupitisha kalamu ya rangi ya majimaji pembeni. Wino mwingi wa namna hiyo huyeyuka na kuchafua nyuso. Krayoni hazina shida hiyo.

Jaribio la mwisho lifanye na mtoto mwenyewe. Mpe karatasi bila kumwambia ni nani, usimuulize "huyu ni bibi?" bali "nani hawa?" Kaka alipopewa toleo la pili aliweka kidole kwenye miwani kwanza, akasema bibi, kisha akajionyesha mwenyewe. Akaanza na maua. Matano aliyapaka vizuri, mawili karibu na pindo aliyapitishia krayoni moja kwa moja pamoja na gauni. Nilipima: yalikuwa na upana wa sentimita moja tu. Kwenye toleo la tatu niliyaondoa.