Pendekezo Langu Namba Moja Lilikuwa la Aibu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeanza kazi ya ukaguzi wa nishati viwandani alinitumia rasimu ya ripoti yake. "Kaka, naomba uipitie kabla sijaikabidhi." Nikafungua kurasa za mwisho kwanza, maana ndiko mteja anakoanzia. Nikakuta mapendekezo 31. Yote 31 yamepewa kipaumbele cha "juu", na la kwanza linasema: "Uongozi uboreshe ufanisi wa mfumo wa hewa iliyobanwa."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Sentensi hiyo naijua. Niliwahi kuiandika mwenyewe, karibu neno kwa neno, na ilinigharimu mteja.

Kilikuwa kiwanda chenye kompresa moja kubwa. Nilikaa pale wiki nzima na kupima kila kitu, kazi safi kabisa, hilo silionei haya. Jumapili, mashine zote zikiwa zimezimwa, tuliiacha kompresa peke yake tukashika saa. Ilisukuma hewa kwa sekunde 90, ikapumzika sekunde 210, ikarudia hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa anatumia hewa, kwa hiyo yote iliyosukumwa ilikuwa inavuja. Gawanya 90 kwa jumla ya 300, unapata asilimia 30. Karibu theluthi ya uwezo wa kompresa ilikuwa inatokea kwenye viungio na mipira iliyochoka. Ukisimama kimya karibu na tangi uliisikia inapiga mluzi.

Basi nikaandika. Kompresa ikisukuma hula kilowati 80, asilimia 30 yake ni 24, zidisha kwa saa 6,000 za kazi kwa mwaka: uniti 144,000 zitaokolewa mivujo ikizibwa. Juu yake nikaweka pendekezo namba moja: kiwanda kinunue kompresa mpya ya mwendo unaobadilika. Niliipa nafasi hiyo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na uokoaji mkubwa kuliko yote. Kuziba mivujo nikakuweka namba saba, bila gharama, bila jina la mhusika, kwa maneno yale yale ya "kuboresha".

Siku ya kuwasilisha, meneja wa fedha, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliniuliza maswali mawili. "Kijana, hii kompresa ikipumzika, umeme inaacha kula?" Nikasema hapana, injini inaendelea kuzunguka, inakula kilowati 24 hivi. "Sasa mbona umehesabu kama inazimika?"

Sikuwa na jibu. Mama yule hakuwa mhandisi, ila alijua hesabu ya kutoa. Ukiziba mvujo kwenye kompresa ya aina hii, muda wa kusukuma unageuka kuwa muda wa kupumzika, na kupumzika kwenyewe kuna bili. Unachookoa ni tofauti ya 80 na 24, yaani 56. Tena hakuna kiwanda kinachofikisha mivujo sifuri. Kushuka kutoka asilimia 30 hadi 10 ni kazi nzuri, ukiifikia shukuru. Asilimia 20 ya 56 ni kilowati 11.2, na kwa saa 6,000 ni uniti 67,200. Mimi niliahidi zaidi ya mara mbili ya hizo.

Swali la pili lilikuwa fupi zaidi: "Na hii namba saba, nani anaifanya, na kwa shilingi ngapi?" Ripoti ikafungwa pale mezani. Mwaka uliofuata walimwita mtu mwingine. Hadi leo likinijia huwa naona joto masikioni.

Nimeandika upya pendekezo lile mara nyingi, kwa wateja wengine wenye tatizo lile lile, na sasa huwa linakaa hivi: "Badilisha viungio 26 na mipira 9 iliyowekewa vibandiko vyekundu vyenye namba (orodha na ramani viko kwenye kiambatisho), pamoja na valvu ya kutolea maji kwenye tangi. Mhusika: mkuu wa matengenezo. Muda: Jumapili mbili za kwanza baada ya ripoti kupitishwa. Kazi itahesabiwa imekwisha pale jaribio la Jumapili litakapoonyesha uvujaji usiozidi asilimia 10." Fundi anaweza kuichukua karatasi hiyo akaenda nayo kwenye bomba bila kunipigia simu.

Gharama nayo ina siri yake. Bei ya vipuri kila mtu huandika. Kinachosahaulika ni malipo ya mafundi siku ya mapumziko, kukodi kifaa cha kusikilizia mivujo, na ukaguzi wa kurudia, maana mivujo hurudi kama magugu. Sarafu zinatofautiana, kwa hiyo hapa nahesabu kwa uniti: tuseme kazi yote ni sawa na bei ya uniti 14,000, na kurudia ukaguzi ni uniti 4,000 kila mwaka. Uokoaji halisi unabaki 63,200, na fedha inarudi ndani ya miezi mitatu. Ukiificha ile 4,000 ripoti yako itapendeza, kisha mwaka wa pili mivujo itarudi na jina lako litaharibika.

Sasa mpangilio, ambako kijana wangu amekosea kabisa. Wengi hupanga kwa kuangalia kipi kinarudisha fedha haraka. Ni kianzio kizuri, lakini hakitoshi, kwa sababu mapendekezo yanagusana. Pale kiwandani presha ilikuwa imepandishwa hadi baa 8. Fundi mmoja aliniambia waliipandisha kwa sababu mashine za mwisho wa laini zilikuwa zinakosa nguvu. Zilikosa nguvu kwa sababu ya mivujo! Ukipendekeza kushusha presha hadi 7 kabla ya kuziba, mashine zitasimama, na kesho yake mtu ataipandisha tena huku akikutukana.

Kushusha baa moja kwenye presha ya kiwango hicho huokoa takribani asilimia 7 ya umeme wa kusukuma. Lakini asilimia 7 ya nini? Kabla ya kuziba, kompresa ilikuwa inasukuma asilimia 85 ya muda wa kazi, kwa hiyo ungepata uniti 28,560 kwa mwaka. Baada ya kuziba inasukuma asilimia 65, na uokoaji unashuka hadi 21,840. Anayejumlisha mapendekezo kila moja peke yake anauza umeme ule ule mara mbili.

Kwa hiyo: ziba kwanza, shusha presha pili, kisha pima tena wiki mbili nzima. Kompresa mpya inakuja baada ya hapo, kama bado inahitajika, kwa sababu ukiinunua mapema utachagua saizi ya kulisha matundu. Kwenye ripoti zangu inaandikwa "isubiri vipimo vya baada ya kazi ya 1 na 2", na sioni aibu kuiacha bila tarakimu ya uokoaji.

Nilimjibu kijana haya yote, pengine kwa ukali kidogo. Juzi kanitumia rasimu mpya. Mapendekezo yamebaki tisa, sita yana mhusika na gharama, na la kwanza lina namba za vibandiko. La nane bado linaanza na "Uongozi uboreshe". Nimemrudishia.