Mafuriko ya miaka 100 yamerudi baada ya mwaka mmoja: hesabu yake ikoje?

*Swali: Mhandisi, mwaka juzi maji yalipoingia ndani tuliambiwa ni mafuriko ya miaka 100. Tukakarabati nyumba tukiamini ni wajukuu zetu watakaoyaona tena. Mwaka jana yakarudi, tena makubwa zaidi. Wataalamu walikosea, au tuliwaelewa vibaya?*

Pole sana, ndugu yangu. Kukarabati nyumba na kuipoteza tena ndani ya mwaka ni jambo zito, na sehemu ya lawama naiweka kwetu sisi wa haidrolojia, maana jina tulilolitumia linapotosha hata watu wenye elimu nzuri.

“Mafuriko ya miaka 100” si ratiba. Ni kiwango cha maji ambacho, katika mwaka wowote ule, kina uwezekano wa asilimia 1 wa kufikiwa au kupitwa. Chukua mfuko wenye punje 100 za mahindi, moja nyekundu na 99 nyeupe. Kila mwaka unatoa punje moja bila kuchungulia, unaitazama, kisha *unairudisha*. Hapo kwenye kurudisha ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani punje nyekundu ikishatoka imekwisha, zimebaki nyeupe tupu. Sivyo. Mwaka unaofuata mfuko umejaa kama mwanzo, na nyekundu imo.

Kwa hiyo siku mlipoanza kupiga lipu upya, uwezekano wa msimu uliofuata ulikuwa bado asilimia 1, si sifuri. Na asilimia 1 hujilimbikiza. Uwezekano wa kukaa miaka 30 bila kuyaona ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 30, ambayo ni takriban 0.74. Maana yake, anayeishi miaka 30 kwenye mpaka wa maji hayo ana karibu asilimia 26 ya kufikiwa walau mara moja. Kwa miaka 100 kamili ni kama asilimia 63, kwa hiyo hata karne nzima haihakikishi kwamba yatakuja, wala kwamba yatakuja mara moja tu.

Miaka miwili mfululizo mahali pamoja, kwa hesabu hii, ni 1 kati ya 10,000. Inasikika kama haiwezekani, lakini nchi haina kituo kimoja cha kupimia mto. Tuseme ina vituo 500 visivyotegemeana. Kwa wastani, vitano vitapata mafuriko ya miaka 100 kila mwaka, na katika miaka 20 tutegemee takriban kituo kimoja kupigwa miaka miwili mfululizo. Hicho kimoja ndicho tunachokisikia kwenye habari.

Hata hivyo, sidhani bahati mbaya pekee inatosha kueleza yaliyowapata, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Ile asilimia 1 yenyewe inatoka wapi? Hakuna aliyekaa mtoni miaka elfu akihesabu. Tunachukua kumbukumbu zilizopo, mara nyingi za miaka 30 au 50, tunatoa kilele kimoja kikubwa zaidi cha kila mwaka, halafu tunapitisha mstari wa kihesabu katika vilele hivyo na kuuendeleza mbele kuliko data ilipofika.

Nikupe mfano wa hesabu, si wa mto wenu. Kituo kina kumbukumbu za miaka 40. Wastani wa vilele ni mita za ujazo 400 kwa sekunde, na mkengeuko sanifu, yaani jinsi vilele vinavyotawanyika kuzunguka wastani huo, ni 150. Kwa njia ya Gumbel, ambayo ni ya zamani na bado inatumika sana, mafuriko ya miaka 100, tuyaite Q100, hupatikana hivi, 3.137 ikiwa kizidishio cha njia hiyo kwa miaka 100:

```
Q100 = wastani + 3.137 × mkengeuko
Q100 = 400 + 3.137 × 150 ≈ 870
```

Hiyo 870 ndiyo inayochorwa kwenye ramani na kutumika kujengea tuta. Kwa data ya miaka 40 tu, thamani halisi inaweza kuwa popote kati ya kama 690 na 1,050, lakini upana huo mara nyingi haufiki kwa mwananchi. Anapewa namba moja, na namba moja huonekana kama hakika.

Sasa mwaka wa 41 yanakuja maji ya 1,100. Kwa mstari wa zamani hayo ni mafuriko ya kama miaka 700, na mtu atatangaza hivyo kwa nia njema kabisa. Lakini ukiingiza kilele hicho kwenye hesabu, wastani unapanda hadi 417 na mkengeuko hadi 184. Q100 mpya inakuwa karibu 994. Yale ya “miaka 700” yanashuka kuwa ya miaka 200 hivi, na ile 870 ya zamani, ambayo tuta lilijengwa kuizuia, sasa ni mafuriko ya kama miaka 42. Mto haukubadilika usiku mmoja. Ujuzi wetu juu yake ndio uliobadilika. Ninapoona mafuriko ya miaka 100 yakirudi haraka, jambo la kwanza ninaloshuku ni kwamba tangu mwanzo hayakuwa ya miaka 100.

La pili ninaloshuku ni kwamba miaka haifanani wala haijitengi kama punje zangu. Ardhi iliyoshiba maji, au ziwa lililojaa, huanza msimu mpya likiwa halina nafasi. Mpangilio wa joto la bahari unaoleta mvua nyingi unaweza kudumu zaidi ya msimu mmoja. Mto Rhine ulifika mita 10.63 kwenye kipimio cha Cologne, Ujerumani, Desemba 1993, na baada ya miezi 13 tu, Januari 1995, ukafika mita 10.69. Mara zote mbili mvua ndefu iliikuta ardhi isiyoweza kunywa zaidi. Mara ya pili hasara katika mji huo ilikuwa ndogo ingawa maji yalipanda zaidi, kwa kuwa watu walikuwa hawajasahau la kufanya.

Halafu kuna mabadiliko ya kudumu. Hewa ikipata joto nyuzi 1 ya selsiasi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua kubwa hupata nguvu hapo. Mashamba na vichaka vya juu ya mto vikigeuka mapaa na lami, mvua ileile hufika mtoni upesi na kwa wingi. Hapo ni kama mtu anaongeza punje nyekundu mfukoni huku sisi tukiendelea kuhesabu moja.

Nenda kwenye ofisi inayosimamia bonde la mto wenu uulize kiwango cha miaka 100 kilikokotolewa kwa data iliyoishia mwaka gani, na kama vilele vya mwaka juzi na mwaka jana vimo ndani yake. Kama havimo, usiinue sakafu kwa kufuata namba hiyo. Omba pia ncha ya juu ya makadirio, si ile ya katikati tu. Wakati unasubiri majibu, piga alama ya rangi ukutani pale maji ya mwaka jana yalipoishia, kabla hujapaka chokaa. Alama hiyo ikipimwa na mpima ardhi, ni data halisi ya mto wenu, na sisi huihitaji.