Kopo Moja Linakuachia Shilingi Ngapi?

Mara ya kwanza nilipokwenda kuomba mtaji, nilibeba makopo matatu ya siagi ya karanga na maneno mengi. Nilimwambia yule mama, mfanyabiashara wa nafaka pale Kibaigwa, kwamba soko lipo na nahitaji kama milioni kumi hivi ili biashara ikue. Akaonja, akasifu. Kisha akauliza, "Mwanangu, kopo moja linakuachia shilingi ngapi?" Nikamtajia bei ya kuuzia. Akafunga kopo, akanirudishia.

Nilirudi nyumbani nikakaa na daftari. Kilo moja ya karanga, ukishakaanga, ukapepeta maganda na kutoa mbovu, inabaki kama gramu 900. Kwa hiyo kopo la gramu 400 linakula karanga gramu 450, ambazo kwangu ni shilingi 1,800. Kopo lenyewe na lebo 700, kusagisha na usafiri 300, msaidizi 400. Jumla 3,200. Dukani naliuza 4,500, hivyo linaniachia 1,300. Kwa makopo 1,000 kwa mwezi napata 1,300,000. Nikitoa pango na gharama nyingine 500,000, zinabaki 800,000.

Hapo wengi wetu tunaishia, na ndipo tunapojidanganya, maana mshahara wangu haumo. Mwekezaji anajua kwamba lazima utakula, na usipouandika ataona utakula mtaji wake. Nikaandika 300,000. Faida ya kweli ikawa 500,000.

Niliporudi kwake nilikuwa na karatasi moja. Maduka yalikuwa yameagiza makopo 600 zaidi kwa mwezi na nilishindwa kuyatoa, kwa sababu nilikuwa nasagisha kwa mtu na kusubiri foleni. Daftari la oda nilikuwa nalo mkononi. Nikaomba milioni 6: mashine ya kusaga milioni 3.5, karanga za kununua wakati wa mavuno milioni 2, makopo na lebo laki 5.

"Na mimi napata nini?"

"Shilingi 300 kwa kila kopo litakalouzwa, mpaka itimie milioni 7.8."

Tukipata makopo 1,600 kwa mwezi, anapokea 480,000 na tunamalizana ndani ya miezi 17. Mauzo yasipoongezeka hata kidogo, anapokea 300,000, inakuwa miezi 26, na mimi bado nabakiwa na 200,000 juu ya mshahara. Hesabu hii ya pili ndiyo aliyoikazia macho. Aliipitia kwa kalamu, mstari kwa mstari, kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama ile ya kwanza. Kwa hiyo usiifiche. Ipange mwenyewe kabla hajakuuliza.

Akaongeza sharti moja: kila tarehe 5 nimtumie picha ya ukurasa wa mauzo. Tukaandikishana kwa mwanasheria, na fedha za mashine akamlipa fundi moja kwa moja.